Vishoka Wanaojifanya Watumishi wa TANESCO



Kishoka humwendea mwombaji wa umeme aliyekwisha kufunga nyaya ndani ya nyumba na sasa anasubiri nguzo. Hujitambulisha kuwa mtumishi wa TANESCO, kisha humtaka atume fedha za kuharakisha kazi kwenye namba ya simu. Kabla mwombaji hajathibitisha muamala, simu humwonyesha jina la mtu binafsi, wala si la shirika. Hapo asitishe.

Malipo halali ya kuunganishiwa umeme hufanywa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, maarufu kontroo namba, yenye tarakimu 12 zinazoanza na 99.

Mwenye shaka asipige namba aliyopewa na mgeni huyo, kwani atakayepokea huenda akawa mshirika wake. Apige 180, au afike ofisi ya TANESCO iliyo karibu, aulize kama ombi lake lina deni lolote.

Namba ya tapeli itumwe kwa ujumbe mfupi kwenda 15040. Aliyekwisha kutuma fedha aupigie mtandao wake wa simu mara moja, ili muamala uzuiwe kabla fedha hazijatolewa, kisha atoe taarifa polisi.