Nyayo za Simu Isiyo na Jina
(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa polisi na wenyeviti wa vijiji)



Raia wanaotuletea habari hutuuliza mara kwa mara: "Jina langu likifutwa, je, nitakuwa nimefichika?" Kwa upande wa karatasi, jibu ni jepesi. Kwa upande wa simu, jibu lataka maelezo, nayo ndiyo tuliyokuja kuyatoa leo.

Simu huacha nyayo kwa njia mbili. Iwapo imewashwa, huwasiliana na mnara wa karibu; basi kampuni ya simu hujua imo katika eneo gani, dogo mjini, pana zaidi mashambani. Tena, programu nyingi zilizomo ndani ya simu huomba ruhusa ya kusoma mahali ilipo kwa setilaiti, kwa usahihi wa mita chache. Ziko programu ambazo kumbukumbu zake huuzwa kwa wafanyabiashara wa matangazo. Katika orodha hizo jina halimo. Kila simu hutajwa kwa alama ya tarakimu na herufi. Ndipo watu husema kwamba hakuna siri iliyotoka.

Natutazame mfano, ambao mtu na hesabu zake tumevibuni ili jambo lieleweke. Muuguzi mmoja analala Mukono na kufanya kazi Jinja. Jirani yake anashuku kwamba ndiye aliyetoa ushahidi dhidi ya nduguye, naye amepata orodha ya simu zisizo na majina. Anaanza na simu zinazolala karibu na mnara wa mtaa wao: ziko elfu nane. Kati ya hizo, zilizokuwa karibu na hospitali ya Jinja Jumatatu saa tatu asubuhi ni hamsini. Jumamosi muuguzi alikwenda Mbale mazikoni, na jirani anajua. Simu zilizofika huko siku hiyo zimebaki mbili. Jumapili jioni alirudi kusali katika kanisa la mtaani. Imebaki moja.

Jirani hakuhitaji jina, kwa maana jina alikuwa nalo kichwani. Alichokuwa akitafuta ni alama ya simu. Akiisha kuipata, hufuata nyayo zake zote, na humo anaona kwamba Alhamisi saa kumi na mbili jioni simu ile ilikaa saa nzima katika kituo cha polisi. Mambo manne yaliyojulikana na kila mtu yamefungua la tano lililokuwa siri.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2013 watafiti walichapisha uchunguzi wa simu za watu milioni moja na nusu wa nchi moja ya Ulaya, kwa muda wa miezi 15. Walitumia maeneo ya minara tu, na wakati uliokadiriwa kwa saa. Waliona kwamba nukta nne zilitosha kuwapambanua watu 95 katika kila 100; na nukta mbili ziliwapambanua zaidi ya nusu. Walipojaribu kuyafanya maeneo kuwa mapana na saa kuwa ndefu, upekee ulipungua, lakini kidogo kidogo mno. Sababu yake ni hii: wengi hulala mtaa mmoja, na wengi hufanya kazi mji mmoja, lakini wanaoviunganisha vyote viwili, pamoja na msiba na ibada ileile, ni wachache sana.

Hata hivyo, upekee si jina. Asiyejua lolote kuhusu maisha yako ataona alama tu. Nasi polisi hatuna budi kukumbuka kwamba nukta huonyesha simu ilipo, wala si mtu. Simu huazimwa, huibwa, na husahauliwa nyumbani.

Basi, mnapotaka takwimu za malalamiko ya kijiji, tutawapa jumla za mwezi kwa wilaya, wala si orodha yenye mahali na saa ya kila tukio. Penye tukio moja au mawili tu, hesabu hiyo tutaichanganya na nyingine. Nanyi fungueni sehemu ya ruhusa katika simu zenu: programu ya tochi au ya mchezo haina haja ya kujua mlipo. Kufanya hivyo huzuia programu, lakini hakuuzuii mnara. Kwa hiyo, aliye na habari ya hatari asije kituoni na simu iliyowashwa. Aizime kabla ya kuondoka nyumbani, au amtume mwenyekiti atuite, tukutane mahali pengine.

Sasa tunapokea maswali.