Hotuba ya Mwenyekiti: Bei ya Nyumba Yetu ya Wageni

Masika ya mwaka wa kwanza hapa Jambiani tulikodisha chumba kwa shilingi 15,000. Vyumba vikajaa, tukafurahi, kumbe kasha linapungua! Tulipokaa kuhesabu, chai ya asubuhi, kufua mashuka, sabuni, maji na umeme vilikula 18,000 kwa chumba kila usiku. Basi Aprili na Mei hatushuki chini ya 25,000, hata mgeni abembeleze vipi. Ile 7,000 inayobaki inasaidia mshahara wa mlinzi, maana yeye hulipwa hata nyumba ikiwa tupu. Agosti na mwisho wa Disemba hatupiti 60,000. Tulijaribu 80,000, wageni wakachungulia chumba, wakaenda kwa jirani. Hapo katikati, msimamizi apatane nao mwenyewe.