Gunia la kwanza, gunia la mwisho: kuhesabu mali iliyobaki dukani

Leo tunaongea na wenye vibanda na maduka madogo, hasa nyinyi mnaouza kwa ushirika wa watu wawili au watatu. Kama una daftari na kalamu, viweke karibu.

Tuanze na swali lenyewe. Akina mama wawili hapa Kakuma wanauza maharagwe pamoja. Kila mmoja alitoa shilingi 10,000, jumla 20,000. Mwezi umeisha, na mmoja amepata safari, anaondoka na familia yake. Anataka fungu lake. Pesa za mauzo ziko kwenye mkebe, hizo zinahesabika. Lakini kuna kilo 60 za maharagwe zimebaki dukani. Kilo hizo zina thamani gani? Hapo ndipo watu waliokula sahani moja huanza kununiana.

Tazama jinsi walivyonunua. Gunia la kwanza la kilo 50 walilipa 5,800, na mkokoteni wa kulileta 200. Jumla 6,000, yaani kila kilo 120. Usiache nje pesa ya mkokoteni, maana maharagwe yaliyo kwa muuzaji wa jumla hayawezi kuuzwa kwenye kibanda chako. Bei ya kilo ni ile ya kuifikisha mlangoni. Gunia la pili, bei imepanda: 6,300 na mkokoteni 200, jumla 6,500, kila kilo 130. La tatu lilikuwa 7,300 na mkokoteni 200, jumla 7,500, kila kilo 150. Ukijumlisha, kilo 150 kwa shilingi 20,000.

Wameuza kilo 90, kila kilo 150, taslimu. Kwenye mkebe kuna 13,500.

Sasa, yule anayeondoka anasema: “Maharagwe sasa tunauza 170, kwa hiyo kilo 60 ni 10,200.” Anayebaki anasema: “Hapana dada, sisi tulianza kwa 120, kwa hiyo ni 7,200.” Tofauti ni shilingi 3,000. Kila mmoja anaamini mwenzake anamdhulumu, na ukweli ni kwamba wote wawili wamekosea.

Njia inayomaliza ubishi huu inaitwa “ya kwanza kuingia, ya kwanza kutoka”. Fikiria foleni ya mgao: aliyefika kwanza anahudumiwa kwanza, na wanaobaki kwenye foleni ni waliochelewa kufika. Mali ya duka tunaihesabu hivyo hivyo. Kila ununuzi ni tabaka lake, lenye kilo zake na bei yake. Tukiuza, tunatoa kwenye tabaka la zamani mpaka liishe, ndipo tunagusa linalofuata.

Kilo 90 zilizouzwa zilitoka wapi? Gunia la kwanza lote, kilo 50 kwa 120, ni 6,000. Zinabaki kilo 40 za kutafuta, tunazitoa gunia la pili kwa 130, ni 5,200. Jumla 11,200. Hiyo ndiyo gharama ya mali iliyouzwa. Na dukani kumebaki nini? Kilo 10 za gunia la pili kwa 130, ni 1,300, na gunia la tatu zima, 7,500. Jumla 8,800. Hiyo ndiyo thamani ya mali iliyobaki.

Jipime kila mara hivi: 11,200 ukiongeza 8,800 unapata 20,000, pesa yote iliyotumika kununua. Ikizidi au ikipungua hata shilingi 10, kuna kosa kwenye daftari, rudi nyuma utafute.

Faida basi ni mauzo 13,500 ukitoa 11,200, yaani 2,300. Na fungu la kila mmoja? Pesa 13,500 na mali 8,800 ni 22,300. Nusu yake ni 11,150. Kwa hesabu ya 170 anayeondoka angechukua 11,850, na ndani yake kuna faida ya maharagwe ambayo bado hayajauzwa, ambayo anayebaki ndiye atakayeketi juani kuyauza. Kwa hesabu ya 120 angepewa 10,350, kana kwamba gunia la 7,500 lilinunuliwa 6,000.

Najua kuna mtu anauliza: “Lakini mimi namwaga magunia yote kwenye ndoo moja, nitajuaje kilo ipi ni ya gunia lipi?” Huhitaji kujua. Tabaka liko kwenye daftari, si kwenye ndoo. Ni bei ndizo zinazopanga foleni. Ila kwa maharagwe, nakushauri uuze ya zamani kwanza kwa mkono pia, maana fukusi hawasomi daftari.

Daftari lenyewe si gumu. Kila ununuzi uandike mstari mmoja: tarehe, kilo, bei ya kilo pamoja na usafiri. Kila jioni andika kilo ulizouza, uzikate kwenye mstari wa juu kabisa ambao haujaisha. Ukipika yako ya nyumbani, andika hizo pia. Watoto kula si dhambi, lakini kilo ambayo haikuandikwa itakuja kuonekana kama wizi.

Hapo kwenye kuonekana tukae kidogo. Daftari linasema zimebaki kilo 60. Lazima upime kwa mizani, usiamini karatasi peke yake. Tuseme mizani inasema 57. Sasa hesabu inafanywa kwa kilo zilizopo: 50 kwa 150 ni 7,500, na 7 kwa 130 ni 910. Jumla 8,410. Zile kilo 3 zilizopotea zimekula 390, na faida inashuka kutoka 2,300 hadi 1,910. Mtu ambaye hapimi hataiona hasara hii kamwe. Ataona tu pesa ya kununua gunia jipya haitoshi. Sababu mara nyingi ni ndogo ndogo: gunia lilikuwa na unyevu likakauka, mkono mzito kwenye kupima, au jirani alikopa na hakuna aliyeandika.

Kuna mambo mawili ambayo njia hii haikufanyii. La kwanza, fukusi wakiingia na maharagwe yakawa ya kuuzwa 100 tu kwa kilo, usiyaandike 150 kwa sababu ulinunua 150. Andika kile utakachopata kweli. La pili, bei zikiwa zinapanda, faida ya 2,300 isikudanganye ukaila yote. Ulihesabu kwa gharama ya magunia ya zamani, lakini ukienda kesho kwa muuzaji wa jumla hatakuuzia kwa bei ya gunia la kwanza. Zile kilo 90 ulizouza zilikugharimu 11,200. Kuzirudisha kwa 150 ni 13,500, sawasawa na pesa yote iliyo kwenye mkebe. Kwa hiyo ukila 2,300 zote, duka linapungua kwa kilo 15 na zaidi kidogo, ingawa daftari linasema umepata faida.

Ndiyo maana yule mama anayebaki, baada ya kumlipa mwenzake 11,150, atabaki na 2,350 tu mkononi na maharagwe kilo 60. Hazitoshi gunia. Wakiwa na muda, wakubaliane alipwe mara mbili, nusu leo na nusu kabla ya basi kuondoka.