Tangazo la Shati la Vipimo: Mteja Apime Nini?



Mada hii inamhusu fundi anayeshonea wateja asiowaona. Mteja yuko Mwanza, fundi yuko Kariakoo, shati litasafiri kwa basi, na maelekezo yote yamo ndani ya tangazo. Matangazo mengi niliyosoma yanaharibu kazi mapema kwa kumwambia mteja ajipime mwili.

Mtu anayejipima mwenyewe huzungusha futi kifuani, hubana pumzi, kisha huandika 104. Je, hiyo ni ya mwili au ya shati? Fundi akikata 104 kamili, vifungo havitafika, maana shati la kawaida hutaka nafasi ya sentimita 10 hadi 14 zaidi ya kifua. Na mteja akiwa amepima shati lake, fundi akaongeza 12 juu yake, litatoka gunia.

Kwa hiyo tangazo liseme wazi: chagua shati lako linalokukaa vizuri kuliko yote, lifunge vifungo, lilaze mezani, lipime hilo. Liwe la kitambaa cha kufumwa kisichovutika, fulana haifai. Tuseme mteja wetu wa Mwanza amepima kutoka kwapa hadi kwapa akapata 56. Mzunguko wa shati ni 112, na fundi haongezi kitu. Bega hadi bega, mgongoni, amepata 46. Mkono kuanzia mshono wa bega hadi mwisho wa kafu, 62. Urefu kutoka chini ya kola nyuma, 76. Kola hufunguliwa, ikanyooshwa, ikapimwa kutoka kifungo hadi katikati ya tundu lake: 40.

Futi nazo huvutika zikizeeka, na nyingi zina inchi upande mmoja na sentimita upande wa pili. Mwombe mteja apime kwanza upande mrefu wa karatasi ya A4. Akisoma 29.7, futi yake ni nzima. Akisoma kama 11.7, anasoma inchi. Kisha apige picha ya shati likiwa mezani, simu ikiwa juu yake moja kwa moja, futi ikionekana.

Kwenye vitambaa, usimpe mteja orodha ndefu. Poplini ya pamba ni nyepesi na laini, lakini hujikunja. Kitani kinapitisha hewa vizuri zaidi, na hujikunja zaidi ya poplini. Asiyependa pasi asikiagize. Mchanganyiko wa pamba na poliesta haujikunji sana, ila kwenye joto hauvuti jasho kama pamba tupu.

Kinachosahaulika ni kurudi kwa kitambaa kikifuliwa. Chora mraba wa sentimita 50 kwenye kipande cha pamba, kiloweke, kikaushe, kipige pasi, pima tena. Mraba ukibaki 48 upande wa urefu wa jora, kimerudi asilimia 4. Mkono wa 62 utapungua karibu sentimita 2.5, na urefu wa 76 utapungua 3. Kitambaa cha namna hiyo hulowekwa chote kabla ya kukatwa, na tangazo liseme kwamba hilo limefanyika.

Sasa marekebisho. Usimwombe mteja akuambie “punguza hapa”, hajui chanzo. Mwambie avae shati kabla ya kulifua, afunge vifungo vyote, aache mikono ining'inie, apigwe picha mbele, ubavuni na mgongoni. Makunyanzi ndiyo yatakayosema. Yakitoka kwenye kifungo cha tumboni kwenda pande zote, upana hautoshi. Yakishuka mshazari kutoka kwenye kola kwenda kwapani, mabega ya mteja yameinama kuliko ulivyokata. Kitambaa kikijikunja kwa upana chini ya kola mgongoni, mabega yake yamenyooka zaidi, na dawa ni kupunguza pale juu ya mgongo.

Tangazo liseme pia kisichorekebishika. Bega lililokatwa jembamba halirudi, wala kwapa lililokatwa pana. Ubavu hupanuka kwa kadiri ya kitambaa kilichobaki ndani ya mshono: ukiachia sentimita 1 mbele na 1 nyuma, kila ubavu, unapata 4 kwenye mzunguko. Lakini mshono wa kulaza, ule unaopigwa cherehani mara mbili kama wa jinzi, hauachi akiba yoyote. Ndiyo maana mteja anayeagiza mashati matano ashonewe kwanza moja, kwa mshono wa kawaida wenye akiba, na mengine yasikatwe hadi picha zake zifike. Hata hapo, kwenye poplini nyeupe alama za sindano za mshono uliofumuliwa huweza kuonekana, na mteja aambiwe kabla hajalipa.

Kila rekebisho liandikwe kwenye karatasi ya kukatia ya mteja huyo pamoja na tarehe. Akiagiza tena baada ya mwaka, muulize kama shati lile bado linamkaa tumboni kabla hujashika mkasi.