Mwembe Mrefu Hupunguzwa kwa Miaka Mitatu

Ndugu wakazi wa Babati, mwembe uliopita urefu wa ngazi haupunguzwi kwa mkupuo mmoja. Mara baada ya mavuno, ondoeni kwanza tawi moja kubwa la katikati ili jua lipenye ndani. Mengine marefu yafupishwe mwaka wa pili na wa tatu. Msumeno uanzie upande wa chini wa tawi, kisha wa juu, ili gome la shina lisichanike. Gome lililozoea kivuli lipakwe chokaa, lisiunguzwe na jua. Machipukizi yakisongamana, bakizeni machache yanayoelekea nje.

Msichelewe. Mwembe huchanua kwenye ncha za vitawi vilivyokomaa. Anayekata karibu na msimu wa maua huyakata maembe yenyewe.