Barua ya Munganga kwa Familia Iliyofiwa



Wengi wenu mmewahi kutoka hospitali na maiti, mkiwa na karatasi moja mkononi: cheti cha kifo. Karatasi ile ni ya serikali. Leo nasema juu ya karatasi nyingine, ambayo munganga huiandika kwa moyo wake: barua ya rambirambi. Mwaka 2001 gazeti la madaktari linalotolewa Boston, Amerika, liliwakumbusha kwamba zamani barua hiyo ilikuwa desturi yao. Mimi niliandika ya kwanza kwa sababu ya mjomba mmoja.

Mtoto wa miaka minne aliletwa Kasongo kutoka upande wa Kabambare, amefungwa mgongoni mwa mama yake juu ya pikipiki. Ilikuwa malaria kali. Alikuwa amezimia, anatetemeka kwa degedege, na kipimo cha damu kilionyesha gramu 3, mahali mtoto wa umri ule anatakiwa kuwa na 11 au zaidi. Tulimpiga sindano ya artesuneti, na mjomba wake akatoa damu. Mtoto aliwekewa damu jioni. Alfajiri akafa.

Maiti ikarudi nyumbani, na maneno yakaifuata: damu ya mjomba ndiyo iliyomuua. Mnajua maneno kama hayo yakianza kilioni yanafika wapi. Siku ya tatu yalikuwa yamekwisha kuwa ulozi.

Mimi nilijua sivyo. Damu isiyopatana na mgonjwa hujionyesha mapema, mara nyingi katika dakika za kwanza: homa inapanda ghafula, pumzi inakuwa nzito, mkojo unageuka mweusi. Nilikaa karibu na kitanda wakati ule. Pumzi ya mtoto ilitulia badala ya kuharibika. Lakini hakuamka, na degedege ikarudi usiku. Malaria ilikuwa imeingia ubongoni kabla ya damu kuanza kuingia mshipani.

Basi nikaandika. Katika barua ya kwanza niliweka: «Mtoto alifikishwa kwetu amechelewa.» Muuguzi mmoja, mzaliwa wa Kabambare, akaisoma akanirudishia. «Munganga, barua hii haitasomwa na mtu mmoja. Itasomwa kwa sauti mbele ya watu wote, na mama yake atakuwa amekaa pale pale mkekani.» Mama yule alikuwa ametafuta pesa ya pikipiki siku mbili. Nilikuwa namtoa mjomba katika mashitaka na kumwingiza mama.

Nikafuta. Nikafuta pia «ni mapenzi ya Mungu». Neno hilo ni la mchungaji. Likitoka kwa munganga linafanana na kujificha. Na kabla ya kutaja damu ya mjomba, nilimwomba ruhusa, maana yaliyoonekana katika damu ya mtu ni siri yake. Damu ya mtoaji hupimwa ukimwi, homa ya ini na kaswende, na majibu hayo si ya kutangazwa kilioni bila yeye kukubali. Alikubali mara moja.

Barua iliyokwenda ilikuwa hii. Jina la mtoto silitaji hapa, lakini katika barua lilikuwamo mara mbili, kwa kuwa familia inataka kuona kwamba munganga anamkumbuka.

«Baba na Mama, mimi ndimi munganga niliyekuwa na mtoto wenu usiku ule. Nawapa pole. Malaria iliingia ndani ya ubongo wake, na dawa yetu haikuweza kuirudisha. Damu aliyopewa na mjomba wake tuliipima na kuilinganisha na yake, ikapatana. Baada ya kuipata, alipumua vizuri zaidi. Damu ile haikumuua, ilikuwa msaada. Mama alimshika mkono mpaka mwisho, na nilimwona akimwimbia. Mkitaka kuniuliza neno lolote, njooni, au mtume mtu. Nitawaeleza kila kitu nilichokiona.»

Hakuna jina la Kilatini ndani yake, wala «tulifanya yote». Kama ningeandika «yote», baba angeweza kuniuliza juu ya mashine zilizoko mijini, naye angekuwa na haki.

Ilikwenda kwa pikipiki siku ya kumi, ikasomwa na mchungaji wao mara mbili: kwa Kiswahili, kisha kwa Kibangubangu. Shangazi mmoja hakuamini, na nimesikia hata sasa haamini. Baba alikuja Kasongo baada ya miezi miwili, akauliza neno moja tu: kama mtoto alisikia maumivu. Nikamjibu kwamba aliyezimia vile hasikii kama sisi tunavyosikia.

Mjomba naye aliomba nakala. Ameikunja ndani ya mfuko wa nailoni, pamoja na karata yake ya uchaguzi.