Kuhesabu Vipande Kabla ya Kumjibu Mteja



Mada yangu inahusu jibu ambalo mpishi wa shughuli anampa mteja aliyemlalamikia mbele ya watu wote. Wengi wetu tunalitafuta jibu hilo kwenye maneno laini. Mimi naamini utulivu wake unatoka jikoni, kwenye hesabu inayofanywa kabla mtu hajaandika lolote.

Tuchukue mfano wa harusi iliyolipiwa sahani 300. Kesho yake mama wa bwana harusi anaandika, kila mtu akisoma: "Tumelipa hela yote, wageni kama sabini wamekula wali mtupu. Mmetuaibisha." Mwenye biashara anajua kwamba kadi za dabo ziliingiza watu wa ziada. Jibu liko mdomoni tayari: mlileta watu kuliko mliowalipia.

Asiliandike. Siku hiyo aandike mistari miwili tu: malalamiko ameyaona, anafuatilia kwa wapishi na wahudumu, na atajibu hapo hapo kesho kutwa. Kisha akahesabu.

Sahani chafu zilizorudi ni 318, kwa hiyo wageni wa ziada ni 18. Nyama ilikatwa vipande 640, yaani viwili kwa kila mgeni na akiba ya 40. Wageni 18 wangekula vipande 36, na akiba ingewatosha. Basi nyama ilikwenda wapi? Ukiwauliza wahudumu mmoja mmoja, bila kufoka, unagundua kwamba mstari wa kwanza ulipakuliwa vipande vitatu vitatu. Watu 150 wakamaliza 450. Vilivyobaki 190 viliwatosha watu 95 wa mstari wa pili, na 73 wakakosa. Hata wale 18 wasingekuja, bado 55 wangekosa. Mama yule amesema kweli, na lile jibu la mdomoni lingekuwa tuhuma ya uongo dhidi ya familia yake.

Sasa jibu linaweza kuandikwa:

"Shikamoo mama. Ni kweli, wageni 73 wa mstari wa pili walikosa nyama. Kosa ni letu: mstari wa kwanza tulipakua vipande vitatu badala ya viwili, na msimamizi wetu hakuwepo mezani kulizuia. Tunakuomba radhi wewe na wageni wako. Kuhusu malipo tumekupigia leo asubuhi. Kuanzia sasa kila meza ya nyama itakuwa na msimamizi wake, na nyama ya kila mstari itatengwa kabla ya kupakua."

Tazameni kilichoachwa. Ile sentensi tuliyoizoea, "samahani kwa usumbufu wowote uliojitokeza," haimo, kwa sababu neno "wowote" linamwambia mama kwamba hatuna hakika kama aliumia. Wageni 18 hawamo, maana si wao waliosababisha upungufu. Kuwataja kungekuwa kumrudishia lawama kwa mlango wa nyuma. Jina la mhudumu halimo, kwani aliyeuza huduma ni biashara. Kiasi cha fedha hakimo, wala namba ya simu, wala deni la kamati kama lipo. Hayo ni mambo ya mteja, na Tanzania sasa ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Na marejesho yasifungwe kwa sharti la kufuta malalamiko. Mteja akilitangaza sharti hilo, na mara nyingi hulitangaza, kila aliyesoma ataona mnanunua ukimya.

Kuna nyakati hesabu itakuja kinyume. Tuseme sahani zilizorudi ni 380 na vipande viligawiwa sawasawa. Hapo pia hakuna haja ya ukali. Andikeni kwamba mliandaa sahani 300 kama mlivyokubaliana na mkahudumia 380, na kwamba mmemwalika mwakilishi wa kamati mkapitie hesabu pamoja. Mpeni pole pia, kwa sababu aibu ya mgeni kukosa chakula ameibeba yeye, hata kama chanzo ni kadi zake. Msomaji anayepanga harusi ya mwanawe atajifanyia hesabu mwenyewe.

Lakini hesabu hiyo inawezekana tu ikiwa sahani zilihesabiwa usiku ule ule, kabla ya kuoshwa, na mtu wa kamati akashuhudia na kutia saini. Msipokuwa na karatasi hiyo, msidai idadi yoyote hadharani. Semeni mlichokiandaa, mkiri kwamba hamkuhesabu waliokula, kisha mmalizane na mteja ana kwa ana. Akiandika tena kwa hasira, mjibuni mara moja zaidi, mkitaja siku na mahali mtakapokutana naye, basi.